Magamba Usoni mwa Debora

Jeska hakuwa mwongo. Alikuwa tu mtu wa kuacha maneno mengine yabaki mdomoni, na kwa miaka arobaini na sita tabia hiyo haikumdhuru mtu, mpaka alipoanza kuuza skrabu ya kusugulia uso.

Kazi yake ya siku zote ni chakula cha kuku. Nyuma ya nyumba yake, pembezoni mwa mji wa Musoma, kuna banda lenye mashine ya kusaga, na humo pumba, mashudu, dagaa waliokataliwa na watu na magamba ya konokono wa ziwani hugeuka kuwa chakula ambacho kuku wa nusu ya mji hutagia. Magamba huletwa na kaka yake, Masatu, kutoka Mugango, ambako ziwa huyatupa ufukweni bila kuombwa. Mashine ikiyasaga, mpita njia atadhani mtu anararua bati. Kuku, lakini, hawalalamiki. Wanayala, mayai yao yanakuwa na ganda gumu, na Jeska anasifiwa.

Sasa, katika kuchekecha unga huo kwa mikono mwaka hadi mwaka, Jeska aligundua jambo: viganja vyake havikuwa na sugu. Mwanamke aliyebeba magunia tangu usichana, na viganja laini kama vya karani. Akawaza, akachukua ule unga mwembamba kabisa unaopita kwenye chekecheo la mwisho, akauchanganya na sabuni ya maji, glisirini na harufu ya limau, akautia kwenye vikopo. Juu ya kikopo akabandika karatasi: Madini ya Ziwa. Walioununua walidhani ni udongo fulani mwororo wa chini ya maji, na Jeska hakuwasahihisha. Magamba nayo ni madini, alijiambia, na yametoka ziwani. Uongo uko wapi? Ndani ya miezi mitano saluni za Musoma zilikuwa zinaagiza, na mbili za Bunda pia. Kanisani kina mama walianza kumwita mjasiriamali, na lazima tuseme ukweli, alilipenda jina hilo kuliko alivyoonyesha.

Debora, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa binti wa Masatu, akiishi kwa shangazi yake Jeska kwa sababu kazi yake ilikuwa mjini. Alikuwa na sauti ambayo kwaya nzima iliiegemea, na alikuwa na chunusi. Sauti hakuihangaikia. Chunusi zilimnyima raha. Kwaya ilikuwa ikijiandaa kurekodi video, na Debora ndiye angesimama mbele, kamera ikimtazama usoni kama daktari.

Ijumaa moja jioni, maji ya kuoga yakiwa karibu kwisha na Sabato ikikaribia, Jeska alimsikia akilia bafuni. Alipotoka, mashavu na paji la uso vilikuwa vimevimba na kung'aa, kama ngozi ya mtu aliyeinama karibu mno na sufuria ya ugali.

"Ni dawa ya Boke, shangazi," Debora alisema. "Nimepaka tu, ikawaka. Nimenawa na maji lita tano, bado inawaka."

Boke walimjua wote. Alikuwa na duka la vipodozi mjini, alisali nao kanisa moja, na kabla ya duka alikuwa amesomea mambo ya dawa. Jeska aliichukua chupa, akasoma lebo taratibu, na neno moja likamtosha: asidi.

Kwa watu wengi wa Musoma asidi ni ile ya betri ya gari. Ni kitu kinachotoboa suruali. Kwa hiyo Debora alipoingia kanisani kesho yake na uso ule, habari haikuhitaji miguu. Kufikia ibada ya jioni Boke alikuwa anauza tindikali. Kufikia Jumatano kulikuwa na mtu Bunda aliyekuwa na shemeji aliyemjua mtu aliyepofuka. Mama Miriamu, kiongozi wa kina mama, mwanamke mwema ambaye wema wake ulikuwa na haraka, alisimama kwenye kikao akasema lisemwalo lipo, na kina mama wasinunue tena pale. Mzee Mugeta, mwenye fremu ya duka aliyopanga Boke na mzee wa kanisa vilevile, alimwambia Boke atafute mahali pengine kufikia mwisho wa mwezi. Hakumfokea. Alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Boke zaidi.

Jeska alikuwepo kwenye kikao kile. Alitikisa kichwa kwa huzuni pamoja na wenzake.

Wiki ya pili uvimbe ukaisha, na chini yake kikatokea kile ambacho uvimbe ulikuwa umekificha. Ilikuwa mistari. Myembamba, mingi, imezunguka shavuni nusu duara, kana kwamba paka mdogo alikuwa akijifunza kutumia kucha zake. Kila mstari ulikuwa umeanza kuwa mweusi kuliko ngozi yenyewe. Debora alikaa uani na kioo, na Jeska, aliyekuwa akichagua mchele, aliitazama mistari hiyo mpaka mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Debora, ile Ijumaa ulianza na nini?"

"Nilianza na skrabu yako. Nilikuwaga nasugua kila siku wiki ile, ili ngozi iwe safi kabla ya video. Ijumaa nikasugua sana, dakika kumi hivi. Ndo nikapaka ile asidi."

"Na skrabu haikuuma?"

"Iliuma kidogo, lakini si ni ya asili? Vitu vya asili haviwezi kuunguza mtu."

Jeska akarudi kwenye mchele. Alisema ndiyo, ni ya asili. Halafu akachagua mawe ambayo hayakuwepo, kwa muda mrefu, na moyo wake ukaanza kumla. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hawakusema kwamba mara nyingine wewe ndiye uliyeishona nguo.

Jumatatu alikwenda kwa Boke. Alijiambia anakwenda kununua sabuni.

Duka lilikuwa limeanza kupungua. Rafu mbili zilikuwa tupu na kulikuwa na maboksi chini yamefungwa kamba. Boke, mwanamke wa miaka thelathini, mwembamba na mwenye maneno machache, alimpokea kwa heshima, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Shikamoo mama Gody."

"Marahaba mwanangu. Unahama?"

"Narudi kwa mama, kijijini Buswahili. Huko ng'ombe hawaulizi unauza nini."

Jeska alishika kipande cha sabuni, akakigeuza. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, hiyo asidi hasa hufanya nini.

Pengine kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza, wote walikuwa wamemwambia, Boke aliketi kwenye boksi na kumweleza yote. Ngozi ya juu, alisema, ni tabaka za chembe zilizokufa, zimeshikana kwa kitu kama gundi. Zikikataa kuachia, zinaziba vitundu vya ngozi na mafuta yanabaki ndani, ndiyo chunusi. Asidi hizi ni dhaifu, asilimia mbili tu ile aliyompa Debora. Haitoboi ngozi. Inailegeza ile gundi, na chembe zinaanguka zenyewe bila mtu kusugua. Ile ya Debora inapenda mafuta, kwa hiyo inaingia mpaka ndani ya kitundu.

"Hata maziwa ya mgando yana asidi, mama Gody. Ndiyo maana yanachachuka. Mmekunywa tangu utoto, nani alitoboka utumbo?"

"Lakini ilimchoma."

"Ilimchoma. Sikatai. Asidi ukizidisha inachoma, ukienda nayo juani bila kinga inakuachia madoa. Lakini huyu alipaka mara moja, kidogo. Na nilimwambia kwa mdomo wangu: mara mbili kwa wiki, na usisugue uso na kitu chochote." Alisita. "Ngozi nzima na ngozi iliyochanika si kitu kimoja. Paka limau kwenye kidole kizima, halafu paka kwenye kidonda, utaniambia. Mimi nadhani alikuwa na michubuko kabla. Nilimwuliza kama alisugua. Alisema ametumia vitu vya asili tu."

Sabuni ilikuwa imelainika kwenye kiganja cha Jeska.

"Vya asili navyo vinachubua?"

"Inategemea umbo. Zipo skrabu zenye punje za nta, mviringo, zinateleza. Zipo za kokwa za matunda zilizopondwa, na hizo, mama, kokwa ikivunjika inavunjika kama chupa. Ukiziona kwa macho ni unga. Ngozi ya uso ni nyembamba, yenyewe inaziona jinsi zilivyo. Zinaacha mipasuko midogo, na sisi weusi ngozi yetu ikichokozwa hulipa kwa doa jeusi." Kisha akauliza bila hila yoyote: "Hivi yako umeweka nini? Watu wananiulizaga."

Hapo ndipo neno lilipotakiwa kutoka. Jeska alilisikia likifika kooni.

"Ni madini tu," alisema, akalipia sabuni.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye zahanati moja ambako Evance, mtoto wa jirani, alikuwa akipima malaria, akamwomba amtazamie kitu kwenye hadubini. Alikuwa na kikopo chake kwenye mkoba, na kwenye kona ya kanga alikuwa amefunga mchanga aliouchota ufukweni njiani. Hata yeye hakujua kwa nini aliuchota. Labda alitaka kitu cha kulinganisha. Labda alitaka kuona kwamba vyote ni sawa na mambo yaishe.

Evance alisuuza povu, akatandaza punje kwenye kioo, akatazama, akapiga mluzi mdogo.

"Angalia mwenyewe, mama."

Jeska alifumba jicho moja. Ilimchukua muda kuona kitu zaidi ya kope zake. Kisha akayaona: vipande vyeupe vyenye ncha, vingine kama vigae, vingine kama sindano fupi, kingine kilichopinda mfano wa kisu cha kuparia samaki. Hakukuwa na punje hata moja yenye umbo la kuaminika. Evance akaweka mchanga. Punje za mchanga nazo zilikuwa ngumu, lakini pembe zao zilikuwa zimeliwa, zimekuwa butu.

"Huu ziwa limeugongagonga miaka na miaka," Evance alisema. "Lakini hii imevunjwa juzi. Ni ya nini?"

"Ya kuku," alisema Jeska, na ilikuwa mara ya kwanza kusema kweli siku hiyo.

Alirudi kwa miguu akiwaza. Miaka yote hiyo alikuwa ameamini kusaga ni kulainisha. Aliamini ukisaga tena na tena, ukichekecha tena na tena, ukali utakwisha. Kumbe mashine haimalizi ukali. Inaugawa tu katika vipande vidogo zaidi, na kila kipande kinapewa chake. Na viganja vyake, vile alivyovionea fahari? Viganja vina ngozi nene kuliko mahali popote isipokuwa nyayo. Kuku ana firigisi. Shavu la Debora halikuwa firigisi wala kiganja.

Angeweza kunyamaza. Tusimdanganye msomaji: alilipima jambo hilo vizuri sana. Asidi ilikuwa imechoma kweli, Debora mwenyewe alishuhudia. Ni nani angeweza kugawa uso wa mtu na kusema hapa ni Boke, hapa ni Jeska? Boke angerudi Buswahili, watu wangesahau, na Jeska angeacha polepole kutengeneza skrabu, akisingizia glisirini imepanda bei. Alizizungukia saluni za Musoma wiki hiyo akavirudisha vikopo vyote, akapiga simu Bunda nao wasivitumie. Alisema vimeharibika. Alipoulizwa vimeharibikaje, aliyaacha maneno mdomoni.

Lakini Sabato iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Katika kanisa lao, kabla ya mkate na divai, watu hutawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake wao, wawili wawili, na kila mtu anajua sheria isiyoandikwa: ukiwa na neno na mtu, unamtafuta huyo. Ndiyo maana siku hiyo kina mama huangalia kwa makini nani amebeba beseni kwenda kwa nani.

Boke alikuja. Aliketi katikati ya benchi la mwisho kwenye chumba cha kina mama, viatu amevua, miguu ameiweka pamoja, na pande zote mbili za benchi palikuwa na nafasi ya watu watatu. Mama Miriamu alikuwa na mwenzake. Debora, uso amefunika nusu kwa mtandio, alikuwa akimtafuta shangazi yake kwa macho.

Jeska alijaza beseni, akampita Debora, akapiga magoti mbele ya Boke.

Chumba hakikunyamaza, watu waliendelea kunong'ona na kumwaga maji, lakini masikio yalihama. Jeska aliushika mguu wa kulia, akauosha, akausema ukweli wake kwa sauti ya chini huku akiangalia vidole vya Boke. Alisema ni magamba. Alisema ni yaleyale ya kuku. Alisema ameyaona kwenye hadubini, na kwamba Debora alisugua wiki nzima kabla ya kupaka asidi. Alisema samahani. Machozi yalimtoka na aliona aibu kuyafuta kwa mikono ya maji.

Boke alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mguu kwenye beseni.

"Mama Gody," alisema, kwa heshima ileile ya dukani, "mimi hukunisema chini chini. Mlinisema kwenye kikao."

Ilikuwa kweli. Jeska aliona kwamba alikuwa amekuja pale na toba ndogo, ya kunong'ona, ili asamehewe na mmoja na asijulikane na wengine. Alisimama. Magoti yalimuuma. Akasema, "Kina mama, naomba mnisikilize," na sasa chumba kikanyamaza kweli.

Alirudia yote kwa sauti. Alipofika kwenye neno kuku, mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Mama Miriamu aliweka mkono mdomoni na hakuuondoa. Jeska hakumtazama mtu yeyote ila Debora, na Debora alikuwa ameshusha mtandio, ile mistari yake yote ikiwa wazi.

"Nilikuuliza, shangazi," Debora alisema. "Nilikwambia ni ya asili, ukasema ndiyo. Nikamwacha huyu afukuzwe."

"Nilisema ndiyo."

Debora alichukua beseni, akamwaga maji, akachota mengine, akaenda kupiga magoti mbele ya Boke, pale shangazi yake alipokuwa amepiga. Alikaa hapo mpaka Boke akamnyooshea mguu wa kushoto. Alipomaliza kuuosha, Boke alimshika kidevu, akaugeuza uso wake kwenye dirisha, akalitazama shavu moja na la pili kama alivyozoea kufanya kazini.

"Haya madoa yatapungua," alisema. "Miezi, si wiki. Usisugue, usipake asidi yangu wala ya mtu mwingine mpaka ngozi ipone. Sabuni isiyo kali, mafuta ya mgando, na ukienda juani kinga ya jua na mtandio. Hivyo tu."

"Na video?"

"Imba. Watu watasikiliza."

Mama Miriamu alitoka nje, akaonekana dirishani akivuka ua kwenda upande wa wanaume, akiita jina la mzee Mugeta kwa sauti isiyofaa siku ya Meza ya Bwana. Wengine wakarudi kwenye mabeseni yao. Kila mmoja alikuwa na mwenzake, na Jeska alikaa kwenye benchi peke yake, viatu amevua, miguu mikavu. Hakumtazama Debora amwombe. Alijua hastahili kuomba, na alijua asiyetawadhwa hatakwenda mezani, na alikubali. Alichokuwa amejipangia kupoteza ni jina la mjasiriamali. Hakuwa amejipangia kumpoteza mtoto wa kaka yake.

Beseni likatua mbele yake. Aliinua macho akamwona Boke, mikono ya gauni imekunjwa, amechuchumaa. Boke aliuvuta mguu wa Jeska majini bila upole wowote, akauinua, akapitisha kidole gumba kwenye kisigino chake kilichopasuka, kigumu kama gome.

"Hapa sasa," Boke alisema, "ndipo skrabu yako ilipotakiwa kwenda."

Debora, aliyekuwa akijifuta mikono pembeni, aligeuka ili wasimwone uso. Jeska aliona mabega yake yakitikisika na hakujua kama analia au anacheka. Kisha Debora akaja na taulo, akachuchumaa upande wa pili, akaupokea ule mguu.